Breka Inapokata Usiku Ilhali Karibu Kila Kitu Kimezimwa

Malalamiko ya umeme wa majumbani yako ya aina nyingi, lakini moja huwatatiza watumiaji kuliko mengine. Mchana kutwa nyumba hupiga pasi, huchemsha maji, huendesha friji na televisheni, wala hakuna breka inayokata. Usiku wa manane, taa zikiwa zimezimwa na watu wamelala, breka hukata yenyewe. Ikirudishwa asubuhi hukaa vizuri, hata mwenye nyumba akaanza kudhani kwamba ni shirika lililokata umeme, au kwamba breka imechakaa. Baada ya siku mbili jambo lilelile hujirudia.

Makala haya yanaeleza maana ya tukio hilo, namna ambavyo mtumiaji anaweza kupunguza eneo la kutafuta hitilafu bila kufungua kifaa chochote, na kazi ambayo lazima aachiwe fundi mwenye leseni. Jambo la kukumbuka tangu mwanzo ni hili: breka inayokata wakati mzigo ni mdogo haikatwi na wingi wa vyombo. Imeona kitu kingine, na kitu hicho mara nyingi kimo ndani ya nyaya zenyewe.

Kwanza: ni breka ipi iliyokata?

Katika kisanduku cha breka cha nyumba ya kawaida huwa kuna breka za aina mbili, na kila moja ina kazi yake. Kabla ya kurudisha chochote, mtumiaji achukue tochi atazame ni kitasa cha breka ipi kilichoshuka.

Aina ya kwanza ni breka ndogo za kawaida, moja kwa kila mkondo: ya taa, ya soketi, ya hita ya maji, ya pampu. Hizi hupima wingi wa umeme tu. Zikipitisha umeme mwingi kupita kiwango chao kwa muda, hupata joto na kukata. Nyaya mbili zikigusana na umeme mwingi ukapita ghafla, hukata papo hapo. Breka ya ampia 20 haina habari na umeme mdogo unaopotea njiani; kwake, ampia moja iliyopotea na ampia moja iliyowasha televisheni ni sawasawa.

Aina ya pili ni breka ya uvujaji. Aghalabu ni pana kuliko zile ndogo, ina kitufe cha majaribio chenye herufi T, na usoni pake huandikwa `30 mA` au `0.03 A`. Hii haipimi wingi. Hulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa waya wa nyutro. Nyumba ikiwa salama, kinachotoka na kinachorudi ni sawa. Kinachorudi kikipungua, breka hujua kwamba sehemu ya umeme imepata njia nyingine: kupitia ukuta uliolowa, bomba, udongo, au mwili wa mtu. Tofauti hiyo ikifika kiwango chake, hukata kwa muda mfupi sana. Breka ya miliampia 30 imeundwa ikate mahali fulani kati ya miliampia 15 na 30, yaani kiasi kidogo kuliko sehemu moja ya thelathini ya ampia.

Tofauti hii ndiyo ufunguo wa uchunguzi wote. Iliyokata usiku ikiwa ni breka ya uvujaji, kuna umeme unaopenya kwenda ardhini. Ikiwa ni breka ndogo ya kawaida, na mkondo wake haukuwa na mzigo wowote, basi inawezekana sana kwamba waya wa moto umegusana na nyutro au eathi mahali ganda la kebo lilipojeruhiwa. Hali hii ya pili ina hatari kubwa zaidi ya moto, nayo tutairejea.

Kwa nini usiku?

Ganda la plastiki linalozunguka waya ndilo linalouzuia umeme usitoke njiani. Ganda likiwa zima na kavu, kinachopenya ni kidogo mno hata hakihesabiki. Ganda likipasuka kwa jua, likakwaruzwa wakati wa ujenzi, likatafunwa na panya, au likakatwa kwa ajili ya maungio na kisha kuzungushiwa mkanda tu, hapo ndipo unyevu unapopata nafasi. Maji ya kawaida, yakichanganyika na vumbi, chumvi ya pwani au kinyesi cha wadudu, hupitisha umeme kwa kiasi cha kutosha kuishtua breka ya uvujaji.

Mchana jua hukausha. Usiku hewa hupoa, na umande hujikusanya ndani ya visanduku vya maungio, ndani ya taa za uani, na kwenye soketi za nje. Ndiyo maana hitilafu ya namna hii huamka kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri, kisha hupotea kabla ya saa nne asubuhi, wakati ambao fundi kwa kawaida ndipo anapofika.

Sababu ya pili ni vyombo vinavyojiwasha. Mwenye nyumba husema kwamba hakuna kilichowashwa, lakini friji huendelea kuzunguka, taa ya ulinzi yenye kihisi cha mwanga huwaka jua linapozama, na pampu yenye boya huanza kusukuma maji pale mgao wa maji unapofika usiku. Kifaa kimojawapo kikiwa kibovu, breka itakata saa kinapojiwasha, si saa mtu anapokigusa.

Sababu ya tatu ni panya. Hao hutembea darini usiku na hutafuna ganda la kebo. Wakifika kwenye shaba, waya wa moto na wa nyutro huweza kupigana cheche mara moja, breka ndogo ikakata, kisha shaba ikaachana na mkondo ukaonekana mzima tena.

Ni muhimu pia kuelewa kwamba kuzima swichi si kutenganisha chombo na umeme. Swichi ya ukutani hukata waya wa moto peke yake. Nyutro na eathi hubaki zimeunganishwa. Tena, kebo iliyo ukutani kutoka kwenye breka hadi kwenye swichi hubaki na umeme usiku kucha, chombo kiwe kimewashwa au kimezimwa. Kwa hiyo nyumba yenye “kila kitu kimezimwa” bado ina mita nyingi za nyaya zenye umeme.

Uvujaji wa polepole na cheche

Watu wengi huudharau uvujaji kwa kuwa ni mdogo. Hebu tuupime. Uvujaji wa miliampia 23 kwa umeme wa volti 230 ni karibu wati 5. Hicho ni kiasi cha taa moja ndogo ya LED. Lakini wati hizo hazitawanyiki katika chumba. Huishia kwenye eneo lisilozidi ncha ya kidole, kati ya shaba mbili zilizotenganishwa na plastiki yenye unyevu. Plastiki hupata joto, hukauka, hulowa tena usiku unaofuata, na baada ya siku nyingi uso wake hugeuka mkaa. Mkaa hupitisha umeme. Mstari mwembamba mweusi hujichora kutoka kwenye waya mmoja hadi mwingine, na kuanzia hapo uvujaji hauhitaji tena umande. Mwisho wake ni cheche zinazoendelea, na cheche zina joto la kuwasha mbao, vumbi na nyavu za buibui.

Katika safari yote hiyo, breka ndogo ya ampia 20 haitakata, kwa sababu kwake kiasi hicho ni kama hakipo. Breka ya uvujaji ndiyo pekee iliyokuwa ikitoa taarifa. Anayeiondoa kwa sababu “inasumbua” amemfukuza mlinzi aliyepiga kelele.

Hata hivyo, breka ya uvujaji nayo ina mipaka yake. Skrubu iliyolegea katika soketi au katika swichi hupiga cheche ndani ya waya uleule mmoja: umeme unaotoka ni sawa na unaorudi, na wingi wake haujazidi. Hapo hakuna breka kati ya hizo mbili itakayokata. Dalili zake hujulikana kwa macho, masikio na pua: taa inayofifia na kurudi, mlio wa kukaanga nyuma ya soketi, doa la kahawia kwenye plastiki, au harufu ya plastiki inayoungua ambayo wengine huifananisha na harufu ya samaki. Dalili mojawapo ikionekana, uchunguzi wa mtumiaji unakoma hapo. Zima swichi kuu na uite fundi. Kama kuna moshi au moto, toa watu nje, usimwagie maji, na upige namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Uchunguzi ambao mtumiaji anaweza kuufanya

Uchunguzi huu hauhitaji bisibisi wala kipimo. Unahitaji karatasi, tochi, na subira ya usiku kadhaa. Usifungue kifuniko cha kisanduku cha breka, soketi, wala kisanduku chochote cha maungio. Vaa viatu vikavu, mikono iwe mikavu, na sakafu chini ya kisanduku isiwe na maji.

Anza kwa kuandika. Kila breka inapokata, andika tarehe, saa, jina la breka iliyokata, kama kulikuwa na mvua au umande, na chombo gani kilikuwa kinafanya kazi. Rekodi ya wiki moja ina thamani kubwa kwa fundi kuliko maelezo ya mdomo kwamba “inakata mara kwa mara”.

Breka ikikata, irudishe mara moja tu. Ikikata papo hapo, usiilazimishe. Shusha breka ndogo zote, kisha rudisha breka ya uvujaji peke yake. Ikikaa, pandisha breka ndogo moja baada ya nyingine, ukisubiri dakika moja kila mara. Ile inayoiangusha breka ya uvujaji ndiyo yenye mkondo wa kushukiwa. Iache chini, endelea kutumia mikondo mingine, na mwite fundi.

Breka ya uvujaji ikikataa kukaa hata baada ya breka ndogo zote kushushwa, usihitimishe kwamba ni mbovu. Katika nyumba nyingi breka ndogo hukata waya wa moto tu, na waya wa nyutro wa mkondo mbovu unaweza kuwa umegusa eathi huku breka yake iko chini. Uamuzi huo unahitaji kipimo cha fundi.

Ikiwa breka hukata usiku mmoja na kutulia usiku mwingine, hapo dakika moja ya kusubiri haitoshi. Gawa mikondo mafungu mawili. Kila usiku acha fungu moja likiwa limeshushwa na uone. Kwa vyombo vya soketi, chomoa plagi. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi, kwa sababu tulizokwisha kueleza.

Mfano: nyumba yenye mikondo sita

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya familia jijini Dar es Salaam. Kisanduku chake kina breka ya uvujaji ya miliampia 30, na chini yake breka ndogo sita: taa za ndani, taa za nje, soketi za sebuleni na vyumbani, soketi za jikoni, hita ya maji, na pampu. Rekodi ya siku 9 inaonyesha kwamba breka ya uvujaji imekata mara nne, zote kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri. Mara zote nne kulikuwa na umande. Breka ndogo hazijakata hata mara moja. Mchana, hata pasi na hita zikifanya kazi pamoja, hakuna kilichotokea.

Rekodi hii peke yake imekwisha kusema mengi. Si wingi wa mzigo, maana mchana mzigo ni mkubwa zaidi. Si nyaya zilizogusana moja kwa moja, maana breka ndogo zimetulia. Ni uvujaji unaofuata unyevu.

Fundi wa kwanza aliitwa akafika saa tisa alasiri. Alikuwa na kipimo cha kawaida cha mkononi kinachotumia betri, akagusa nyaya, akasema kila kitu ni salama na akashauri breka ya uvujaji iondolewe, nyaya ziungwe moja kwa moja. Ushauri huo haukufaa kwa sababu mbili. Kwanza, alipima wakati jua lilikuwa limekwisha kukausha hitilafu. Pili, kipimo cha betri husukuma volti chache tu, na ganda lililojeruhiwa linaweza kuonekana zima kwa volti chache huku likivuja kwa volti 230.

Familia iligawa mikondo. Kwa usiku wa kwanza walishusha taa za nje, hita na pampu, wakaacha mikondo mitatu ya ndani, friji ikiwa imo. Breka haikukata. Hawakuridhika na usiku mmoja, kwa kuwa hata awali zilikuwapo nyusiku za utulivu. Waliendelea hadi usiku wa nne, na katika hizo nyusiku mbili zilikuwa na umande mzito. Kisha walirudisha hita na pampu kwa usiku mwingine nne. Kimya. Hatimaye walirudisha taa za nje, na saa kumi usiku huohuo breka ya uvujaji ikakata. Waliishusha breka ya taa za nje, wakarudisha ile ya uvujaji, ikakaa.

Sasa mkondo mmoja kati ya sita ulikuwa umetambulika, bila ya mtu kugusa waya wowote. Mkondo huo ulikuwa na taa mbili za ukutani na taa moja ya getini yenye kihisi cha mwanga, iliyofikiwa na kebo kupitia kisanduku cha maungio kwenye nguzo ya geti.

Fundi wa pili aliombwa aje saa moja asubuhi, kabla ya jua kupanda. Mwenye nyumba alimwambia maneno haya: “Fundi, breka ya uvujaji inakata alfajiri kukiwa na umande, na tumeona ni mkondo wa taa za nje. Naomba upime insulesheni ya mkondo huo kabla haujakauka, utuandikie majibu.” Huo ni mwito ulio wazi, na fundi alijua achukue kifaa gani.

Kazi ya fundi na namna ya kuielewa

Kifaa kinachohitajika ni kipima insulesheni, ambacho mafundi wengi hukiita mega. Fundi huzima umeme, huhakikisha kwa kipimo kwamba waya hauna umeme, hutenganisha taa na kihisi ili visiharibiwe, kisha husukuma volti 500 za umeme wa mkondo mnyoofu kati ya waya na eathi. Kifaa huonyesha ukinzani wa ganda kwa megaomu. Kwa nyaya za nyumba zenye volti 230, kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1. Nyaya mpya na kavu huonyesha zaidi ya hapo sana.

Katika mfano wetu kipimo cha saa moja asubuhi kilikuwa megaomu 0.01, yaani omu 10,000. Hesabu yake ni rahisi:

`230 V ÷ 10,000 Ω = 0.023 A = 23 mA`

Fundi aliipima pia breka ya uvujaji yenyewe, akaona inakata inapofika miliampia 22. Kiwango hicho ni halali, kwa kuwa kipo kati ya 15 na 30. Breka haikuwa mbovu. Ilifanya kazi yake sawasawa.

Baada ya hapo fundi hakubomoa ukuta. Aliitenganisha kebo kwenye kisanduku cha geti akapima kila upande peke yake. Kebo ya kutoka nyumbani ilionyesha zaidi ya megaomu 100. Kebo ya kwenda kwenye taa vilevile. Ubaya ulibaki kisandukuni. Kifuniko chake kilikuwa kimepasuka, maungio yalizungushiwa mkanda tu, sisimizi walikuwa wamejenga humo, na kati ya waya wa moto na wa eathi ulionekana mstari mweusi wa mkaa, mfupi kama punje ya mchele. Maungio hayo yaliwekwa kando, yakapimwa tena saa tisa alasiri yakiwa yamekauka: megaomu 0.4. Kwa volti 230 hiyo ni pungufu ya miliampia 1, kiasi ambacho breka haikioni kabisa. Bado ni chini ya megaomu 1, na mega ingekitambua hata mchana. Kipimo cha betri hakikuweza.

Ukarabati ulikuwa kukata ncha zilizoungua hadi shaba safi, kuweka kisanduku kipya kisichopenyeza maji chenye alama `IP65`, kuingiza kebo kwa chini ili maji yasifuate waya hadi ndani, na kutumia viunganishi badala ya mkanda. Kipimo cha mwisho kilizidi megaomu 100, kikaandikwa pamoja na tarehe. Hicho ndicho mtumiaji anachostahili kupokea kwa fedha zake: namba kabla ya ukarabati na namba baada yake. “Nimeshatengeneza” si majibu.

Breka ndogo inapokata bila mzigo

Tulisema tutairejea hali hii. Iwapo breka ndogo ya kawaida imekata usiku, vyombo vya mkondo huo vikiwa vimechomolewa, mtumiaji asijaribu kugawa mikondo wala kungoja usiku wa pili. Ili breka hiyo ikate ghafla, lazima umeme mwingi sana ulipita mahali fulani, na mahali hapo pana shaba iliyoachwa wazi. Kila kurudisha breka ni kuiruhusu cheche nyingine kubwa, pengine darini juu ya mbao na magunia. Iache chini, iandike alama ili mwingine asiipandishe, na fundi akague kebo yote ya mkondo huo, hasa darini, mahali zinapopita chini ya milango, na mahali msumari au skrubu ilipopigwa ukutani hivi karibuni.

Breka ndogo ikikata baada ya saa kadhaa za mzigo wa kawaida, na ukisogeza mgongo wa mkono karibu na uso wake ukahisi joto kuliko jirani zake, kuna uwezekano wa skrubu iliyolegea kwenye breka yenyewe. Joto la skrubu huidanganya breka ikadhani mzigo umezidi. Kuibadilisha kwa breka kubwa zaidi ni kosa: breka mpya itavumilia joto ambalo ganda la waya haliwezi kulivumilia.

Nyumba isiyo na breka ya uvujaji

Nyumba nyingi za zamani zina breka ndogo tu. Humo uvujaji hauna wa kuutangaza. Chukulia waya wa moto umegusa chuma kilichounganishwa na eathi, na nondo ya eathi iliyopigwa ardhini ina ukinzani wa omu 50. Umeme utakaopita ni ampia 4.6, ambao hauwezi kuikatisha breka ya ampia 20. Lakini kiasi hicho ni zaidi kidogo ya wati 1,000, sawa na uniti 25 hivi kwa siku. Mtumiaji wa LUKU ataona uniti zinakwisha bila maelezo, na anayegusa chuma hicho anaweza kupigwa na umeme.

Jaribio lake ni jepesi. Chomoa plagi zote, zima taa na hita kwa swichi zake, ziache breka zote zikiwa juu, kisha tazama taa ndogo ya mita inayopepesa kadiri umeme unavyotumika. Ikiendelea kupepesa, shusha breka ndogo moja baada ya nyingine hadi itulie. Mkondo uliouzima ndio wa kukaguliwa.

Jaribio hili halifai kwa uvujaji mdogo. Miliampia 23 zetu zingetumia takriban uniti 4 tu kwa mwezi mzima, na mita ingepepesa kwa nadra sana. Kwa hiyo mita iliyotulia haithibitishi kwamba nyaya ni salama. Inathibitisha tu kwamba uvujaji mkubwa haupo.

Mipaka ya wajibu na mambo ya kutofanya

Nyaya kuanzia mita kuingia ndani ni mali na wajibu wa mwenye nyumba. Mita yenyewe, waya unaotoka nguzoni, na lakiri ni vya shirika la umeme. Hitilafu ikiwa huko, toa taarifa kwa shirika wala usimruhusu fundi wa mtaani aviguse. Kwa nyaya za ndani, mwombe fundi akuonyeshe leseni yake ya ufungaji umeme, ambayo Tanzania Bara hutolewa na EWURA, na uangalie kama ina jina lake na haijaisha muda. Mpangaji amjulishe mwenye nyumba kwa maandishi na abaki na nakala, pamoja na rekodi ya saa breka ilipokata.

Usikubali breka ya uvujaji iondolewe, irukwe kwa waya, wala ibadilishwe kwa ya miliampia 100 au 300 ili “isisumbue”. Usifunge breka kwa kipande cha kijiti au mpira ili isishuke. Usikate waya wa eathi wa chombo kinachoangusha breka. Ukifanya hivyo breka itatulia, na umeme uliokuwa ukienda ardhini utangoja mkono wa mtu.

Mwisho, kila baada ya miezi mitatu, mchana, bonyeza kitufe chenye herufi T. Breka ikate mara moja. Isipokata, haina uwezo wa kukulinda na ibadilishwe. Ikikata, irudishe na uandike tarehe kwenye karatasi ileile uliyotundika kando ya kisanduku.